05, C5 na C6: Kusoma Ripoti ya Afya ya Diski Kabla Haijafa

Anayetuma picha ya skrini ya CrystalDiskInfo, programu ya Windows inayoonyesha afya ya diski, kuomba ushauri kwa kawaida ameshaona jambo moja tu: kisanduku cha njano kilichoandikwa `Caution`. Swali lake huwa fupi, "Hii diski bado nzima?" Rangi ile haiwezi kumjibu. Programu hugeuza kisanduku kuwa cha njano pindi moja ya hesabu tatu za sekta zenye matatizo, yaani vipande vidogo vya kuhifadhia data, `05`, `C5` au `C6`, inapotoka kwenye sifuri, na haijali kama imefika 1 au 4,000. Wala haijali ni ipi kati ya hizo tatu. Kumbe hapo ndipo penye habari yote, kwa sababu `05` inaeleza jambo lililokwisha kutokea na kushughulikiwa, na `C5` inaeleza jambo linaloendelea sasa hivi kwenye mafaili yako.

Tuchukue mfano mmoja tuusome mstari kwa mstari. Ni diski ya kuzunguka ya terabaiti 1, ya kwenye kompyuta mpakato. Mwenyewe analalamika kwamba kompyuta "inaganda" kila akifungua folda fulani ya picha, kisha baada ya muda inaendelea kama kawaida. Nimeacha mistari inayotuhusu tu:

```
ID  Attribute                     Cur  Wor  Thr  Raw Values
05  Reallocated Sectors Count     100  100   10  000000000018
09  Power-On Hours                 88   88    0  000000002B98
C5  Current Pending Sector Count  100  100    0  000000000010
C6  Uncorrectable Sector Count    100  100    0  000000000010
C7  UltraDMA CRC Error Count      200  200    0  000000000000
```

Mtego wa kwanza uko kwenye safu ya mwisho. CrystalDiskInfo, usipoibadilisha mpangilio, huandika thamani ghafi kwa heksadesimali, yaani mfumo wa kuhesabu kwa kumi na sita. Kwa hiyo `18` ya kwenye mstari wa `05` si kumi na nane. Ni 1 mara 16, ongeza 8, jumla 24. Vivyo hivyo `10` ya kwenye `C5` si kumi, ni 16. Ukitaka kuhakikisha kwamba umeelewa, tumia mstari wa `09`: `2B98` ni saa 11,160, na sehemu ya juu ya dirisha hilo hilo huandika saa ambazo diski imekaa ikiwaka kwa namba za kawaida. Zikilingana, hujakosea kusoma. Asiyetaka hesabu aende `Function`, kisha `Advanced Feature`, kisha `Raw Values`, achague `10 [DEC]`, halafu apige picha upya. Kama picha umetumiwa na mtu mwingine, angalia kwanza kama kuna herufi A hadi F popote kwenye safu hiyo. Ukiona hata moja, unasoma heksadesimali.

Mtego wa pili ni safu tatu za katikati. Hizo si hesabu ya sekta. Ni alama ambazo mtengenezaji ameipa diski kwa vigezo vyake mwenyewe: `Current` ni alama ya sasa, `Worst` ni ya chini kabisa iliyowahi kufika, na `Threshold` ni kizingiti. Alama huanza juu, mara nyingi kwenye 100 au 200, na hushuka kadiri hali inavyoharibika. Diski hujitangaza kuwa imeshindwa pale tu alama ya sasa inapofika kwenye kizingiti au kushuka chini yake. Sasa tazama mstari wa `05`: sekta 24 zimeshahamishwa, na alama bado ni 100 kamili. Mtengenezaji amepima kwa kulinganisha na akiba nzima ya sekta za ziada, ambayo mara nyingi ni maelfu, kwa hiyo 24 hata haionekani. Mstari wa `C5` ni mbaya zaidi kwa maana hiyo. Kizingiti chake ni 0, na alama haifiki huko, kwa hiyo hauwezi kuiangusha diski kwenye mtihani hata uwe na sekta elfu zisizosomeka.

Ndiyo maana ukiuliza diski hiyo hiyo kwa `smartctl -H` kwenye Linux unaweza kujibiwa `PASSED`, na ukiiwasha kompyuta haikupi onyo lolote. Jibu hilo lina maana finyu sana: hakuna alama iliyovuka kizingiti cha mtengenezaji. Halisemi kwamba mafaili yako yanasomeka. Binafsi nikiona mtu anajitetea kwa `PASSED` huku `C5` ikiwa na hesabu, namwambia alifumbie macho neno hilo asome thamani ghafi peke yake.

Kilichotokea ndani ya diski

Data kwenye diski ya kuzunguka imehifadhiwa katika vipande vidogo viitwavyo sekta. Kila sekta imeandikwa pamoja na biti za ziada za kusahihisha makosa, kwa sababu kusoma usumaku mdogo namna ile si kazi ya uhakika, na makosa madogo hutokea kila dakika na kusahihishwa bila wewe kujua. Tatizo huanza pale makosa yanapozidi uwezo wa biti hizo. Diski husoma tena, na tena, ikisogeza kichwa kidogo huku na huku, na huweza kuhangaika hivyo kwa sekunde nyingi. Huo ndio ule mgando anaoulalamikia mwenye kompyuta. Ikishindwa kabisa, inarudisha kosa kwa mfumo endeshi, na inaiandika sekta ile kwenye orodha ya zinazosubiri. `C5` imeongezeka.

Kinachosubiriwa ni nini? Kuandikwa upya. Diski haiwezi kuihamisha sekta ile kwa hiari yake, kwa sababu haijui kilichokuwemo. Ikiweka sekta mpya tupu mahali pake, itakuwa imekudanganya kwamba faili lako lina sifuri tupu pale palipokuwa na picha. Basi inaiacha ilivyo mpaka programu fulani iandike kitu kipya mahali pale pale, au mpaka siku moja usomaji ufanikiwe kwa bahati. Maandishi mapya yanapokuja, diski inayaandika na kuyajaribu. Yakisomeka vizuri, sekta inaondolewa kwenye orodha, `C5` inapungua, na `05` haiguswi. Yasiposomeka, diski inachukua sekta kutoka kwenye akiba, anwani ya zamani inaelekezwa huko, `C5` inapungua na `05` inaongezeka.

Kwa hiyo `05` ni kovu na `C5` ni kidonda kilicho wazi. Sekta 24 zilizohamishwa kwenye mfano wetu hazina data yako iliyo hatarini leo. Zimeshazibwa, na chochote kilichoandikwa baada ya hapo kinasomeka kutoka kwenye akiba. Sekta 16 zinazosubiri ni habari nyingine: hivi sasa, mtu akigusa faili lililokalia sekta hizo, halitasomeka. Hilo limeshatokea tayari.

Hapa ndipo watu wengi wanapoisoma picha kinyume. Anayeona `05` ni 0 na `C5` ni 200 hujifariji kwamba "hakuna sekta mbovu bado, zinasubiri tu." Ukweli ni kwamba diski hiyo ina hali mbaya kuliko yenye `05` ya 200 na `C5` ya 0. Sifuri yake ya `05` inaonyesha tu kwamba hakuna kilichoandikwa upya juu ya sehemu zilizoharibika, labda kwa sababu ni diski ya kuhifadhia picha na video za zamani ambazo husomwa mara chache na haziandikwi tena kabisa.

Mstari wa `C6` kwa kawaida humfuata `C5`. Huhesabu sekta ambazo diski imeshindwa kuzisoma katika ukaguzi wake yenyewe, ule inaoufanya ikiwa haina kazi. Kwenye mfano wetu zote mbili ni 16, yaani ukaguzi umethibitisha kilichoonekana wakati wa matumizi. Watengenezaji hawauhesabu kwa namna moja na diski nyingine huchelewa kuusasisha, kwa hiyo siupi uzito wa peke yake. `C5` ikipanda na `C6` ikabaki sifuri, bado naamini `C5`.

Jambo moja zaidi kuhusu hesabu zenyewe: 24 na 16 zote zinagawanyika kwa 8, na hilo halikutokea kwa bahati. Diski nyingi zilizotengenezwa tangu karibu mwaka 2011 zina sekta halisi za baiti 4,096, lakini zinajionyesha kwa kompyuta kana kwamba ni za baiti 512, ili zisizisumbue programu za zamani. Sekta moja halisi ikishindikana kusomeka, anwani nane za baiti 512 zinakwenda nayo. Kwa hiyo `C5` ya 16 kwenye diski kama hii kwa uwezekano mkubwa ni mahali pawili tu. Ukiona hesabu yako ikipanda kwa hatua za nane nane, gawanya kwanza ndipo uogope.

Mahali pawili kati ya karibu sekta halisi milioni 244 ni kitu kidogo mno kwa ukubwa. Kinachoamua ukubwa wa hasara ni nani alikuwa amekaa hapo. Kama ni katikati ya video, utaona mraba umeganda kwa nusu sekunde. Kama ni jedwali la mfumo wa mafaili, folda nzima inaweza kukosa kufunguka ingawa mafaili yenyewe ni mazima.

Picha moja haitoshi

Picha ya kwanza inakuambia hali ilivyo. Haikuambii inaelekea wapi, na mwelekeo ndio unaotofautisha diski iliyopata ajali ndogo na diski inayokufa. Kwa hiyo baada ya kuokoa mafaili muhimu, jambo ninalorudia chini hapa, piga picha ya pili na uilinganishe na ya kwanza. Usihesabu siku za kalenda. Hesabu saa za mstari wa `09`, kwa sababu diski iliyokaa mezani imezimwa wiki nzima haijaishi wiki nzima. Tuseme kwenye mfano wetu ya pili imekuja hivi:

```
ID  Attribute                     Cur  Wor  Thr  Raw Values
05  Reallocated Sectors Count     100  100   10  000000000020
09  Power-On Hours                 88   88    0  000000002BB2
C5  Current Pending Sector Count  100  100    0  000000000038
C6  Uncorrectable Sector Count    100  100    0  000000000038
C7  UltraDMA CRC Error Count      200  200    0  000000000000
```

Saa zimetoka 11,160 hadi 11,186, yaani diski imefanya kazi kwa saa 26. Sekta zilizohamishwa zimetoka 24 hadi 32, zimeongezeka 8. Zinazosubiri zimetoka 16 hadi 56, zimeongezeka 40. Kwa lugha ya mahali halisi: pamoja na ile moja iliyopata kuandikwa upya ikashindwa na kuhamishiwa kwenye akiba, kuna mahali pengine patano zaidi pasiposomeka. Na alama za `Current` bado zinang'aa kwenye 100. Diski hii imechukua saa 11,160 kufikia hali ya picha ya kwanza, na kwa saa 26 tu zilizofuata imezidisha sehemu zisizosomeka zaidi ya mara tatu. Hiyo ni diski ya kutoa data na kuacha. Haina mjadala.

Kwa nini uharibifu huongezeka kwa kasi badala ya polepole? Mara nyingi kwa sababu chanzo chake bado kiko ndani. Kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa chembe ya vumbi. Kikigusa uso, kwa mfano kompyuta ilipoanguka ikiwa imewashwa, kinakwangua, na makwanguo hayo ni chembe ngumu zinazozunguka ndani na kuleta mguso mwingine. Au kichwa chenyewe kimedhoofika, na kila kinachopita chini yake kinazidi kuwa kigumu kusomwa. Katika hali zote mbili sekta mbovu ni matokeo, na ukubwa wa akiba ya sekta haukusaidii chochote.

Kuna upande wa pili ambao ni wa haki kuusema. `C5` yenye 8, diski ambayo umeme ulikatika ghafla ikiwa inaandika, na hesabu ambayo haijasogea kwa mamia ya saa: hiyo huenda ni sekta iliyoachwa nusu imeandikwa. Uso wake ni mzima, biti za kusahihisha tu hazilingani na data. Ikiandikwa upya itapona, `C5` itarudi sifuri na `05` haitasogea. Vivyo hivyo `05` yenye 24 iliyokaa pale pale miaka miwili, huku `C5` ikiwa sifuri, ni diski ninayoweza kuendelea kuitumia kwa kazi isiyo na uzito, nikiitazama.

Usichanganye pia na mstari wa `C7`. Huo huhesabu makosa ya mawasiliano kati ya diski na ubao mama, na mara nyingi chanzo ni kebo iliyolegea au iliyochakaa. Kompyuta inaweza kuganda kwa sababu ya `C7` inayopanda wakati uso wa diski hauna tatizo lolote. Badilisha kebo, kisha tazama kama hesabu imesimama. Haitarudi sifuri, kwa sababu ni kumbukumbu ya maisha yote ya diski. Kwenye mfano wetu `C7` ni sifuri, kwa hiyo kisingizio cha kebo kimekufa. Na kwenye diski za Seagate, mistari ya `01` na `07` huwa na thamani ghafi kubwa za kutisha hata ikiwa mpya kabisa. Ndivyo kampuni hiyo inavyoziandika, zikiwa zimebeba idadi ya shughuli zilizofanyika pamoja na makosa, basi zipite.

Ukitaka ushahidi wa nje ya ripoti hii, kwenye Windows fungua `Event Viewer`, nenda `Windows Logs`, kisha `System`, utafute chanzo `disk` chenye namba 7. Ujumbe wake unasema `has a bad block`. Muda ulioandikwa pale ukilingana na muda kompyuta ilipoganda, umepata mshukiwa wako.

Mpangilio wa kuokoa

Kosa kubwa linalofanyika baada ya kuona njano ni kukimbilia `chkdsk /r`. Amri hiyo hupita diski nzima ikisoma kila sehemu, pamoja na nafasi tupu zisizo na faida kwako, na huku ikirekebisha mfumo wa mafaili kwa kuandika kwenye diski ile ile mbovu. Kwenye diski ambayo kichwa chake kinakwangua, huenda hizo zikawa saa zake za mwisho, nawe hujanakili hata faili moja. Ina mahali pake, ila si kabla ya kutoa data.

Anza na mafaili yasiyo na nakala popote. Nakili folda ndogo ndogo, za muhimu kwanza, kwenda diski nyingine. Faili likigoma, liruke uendelee na mengine. Ukilirudia mara kumi unaichosha diski kwa ajili ya faili moja wakati elfu nyingine bado zinasomeka. Na kama unasikia mlio wa kugonga gonga unaojirudia, zima. Hapo programu haisaidii tena. Kama data ina thamani, hiyo ni kazi ya maabara inayoweza kufungua diski mahali pasipo na vumbi.

Baada ya yale muhimu, au kama mafaili ni mengi mno kuchagua, nakili diski nzima kwa `ddrescue` kutoka kwenye Linux inayowashwa kwa flashi. Faida yake ni kwamba husoma kwanza kila kinachosomeka kwa urahisi, huruka palipo pagumu, na kuandika kwenye faili la ramani ni wapi ilifika na wapi ilishindwa. Umeme ukikatika, unaendelea ulipoishia. Hapa `/dev/sdb` ni diski mbovu na `/dev/sdc` ni mpya yenye ukubwa sawa au zaidi:

```
lsblk -o NAME,SIZE,MODEL,SERIAL
sudo ddrescue -f -n /dev/sdb /dev/sdc uokoaji.map
sudo ddrescue -f -d -r3 /dev/sdb /dev/sdc uokoaji.map
```

Amri ya kwanza ni ya kutambua diski zako kwa modeli na namba ya utambulisho, na usiiruke. Ukibadilisha nafasi za `sdb` na `sdc` utafuta data yako kwa mkono wako mwenyewe. Amri ya pili hupita bila kung'ang'ania sehemu ngumu. Ya tatu ndiyo hurudi kwenye mabaki na kuyajaribu tena mara tatu. Faili la ramani liweke kwenye hifadhi ya tatu, si kwenye diski hizo mbili. Ni kawaida kabisa amri ya pili itoe karibu data yote kwa saa chache, halafu ya tatu itumie usiku kucha kugombania kilobaiti chache. Kwenye mfano wetu wa sekta 56, yaani baiti 28,672, ningeacha mapema kama sehemu zilizobaki si za jedwali la mafaili. Marekebisho ya mfumo wa mafaili, `chkdsk` ikiwemo, yafanyike kwenye nakala.

Kile ambacho ripoti haikuambii

Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kufuatilia zaidi ya diski laki moja. Diski iliyopata sekta yake ya kwanza kuhamishwa ilikuwa na uwezekano mara 14 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko ambayo haikupata, na ile iliyopata ya kwanza kusubiri, mara 16. Hapo ndipo sifuri inapoacha kuwa sifuri, na programu ina haki ya kugeuka njano kwa hesabu ya 1. Lakini utafiti huo huo ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya diski zilizokufa, asilimia 56, hazikuwa zimetoa hata moja ya dalili nne kubwa, zikiwemo hizi mbili. Bodi ya umeme inapoungua au mota inapokwama, hakuna sekta inayopata muda wa kusubiri. Kisanduku cha buluu kilichoandikwa `Good`, basi, hakimruhusu mtu kukaa bila bakapu. Njano ina maana, buluu haina ahadi.

Diski za SSD ziko kwenye hesabu tofauti. Za NVMe hazina kabisa mistari ya `05` na `C5` kwa maana hii, na picha yake husomwa kwa `Available Spare`, `Percentage Used` na `Media and Data Integrity Errors`. Usihamishe maelezo ya hapa kwenda huko.

Data ikishatoka salama, diski yenyewe inaweza kuhojiwa kwa njia ambayo kabla haikuwa halali: kuandika sifuri kila mahali. Kwenye Windows, ondoa alama ya `Quick Format` kabla ya kufomati, na tangu Windows Vista fomati hiyo kamili huandika sifuri kwenye sehemu yote inayofomatiwa. Kisha piga picha ya tatu. `C5` ikirudi 0 na `05` ikibaki ilipokuwa, sekta zilikuwa na maandishi mabovu juu ya uso mzima, na diski inaweza kubeba vitu vyenye nakala kwingine. `05` ikipanda kwa wingi ule ule ambao `C5` imeshuka, uso umeharibika kweli. `C5` ikigoma kushuka, au ikapanda wakati fomati inaendelea, itupe.

Na kabla ya kuitupa au kumpa mtu, kumbuka kwamba sekta zilizohesabiwa kwenye `05` zimeondolewa kwenye anwani lakini hazijafutwa. Sifuri ulizoandika zimekwenda kwenye akiba, wala hazikugusa mahali pa zamani, ambapo vipande vya data yako bado vimekaa. Ni vichache na kuvitoa kunahitaji vifaa na ujuzi. Kama diski ilibeba siri za watu wengine, mathalani rekodi za wagonjwa au hesabu za ofisi, kufomati peke yake hakutoshi. Fungua kifuniko, toa sahani na uziharibu. Vaa miwani na glavu, maana sahani za diski ndogo za kompyuta mpakato mara nyingi ni za kioo, na hupasuka vipande vipande.